Mpake mweusi kwanza

Kabla hujamtia rangi mhusika wa gemu yako, mjaze mweusi tii, kisha mtazame kwa ukubwa wake halisi, bila kumkuza. Nilichora mvuvi wa Dunga, Kisumu, pikseli 16 kwa 16, kasia begani. Alipokuwa mweusi, kasia lilizama mwilini, akabaki kama gunia la omena! Nikalisogeza pikseli 2 nje ya bega, pakawa na mwanya, mvuvi akaonekana. Rangi nilibakiza 5. Kahawia mbili zilizokaribiana niliziunganisha, maana kwenye simu hazikutofautiana. Kutembea kwake nilikuchora kwa fremu 4, yaani picha 4 zinazofuatana: kichwa hushuka pikseli 1 miguu inapoachana. Kofia ikimetameta mvuvi akitembea, linganisha fremu mojamoja. Kuna pikseli iliyohama peke yake.