Kumwomba mwajiri wa zamani akurudishe kazini: anza na faili lako, barua ifuate

Kwa miaka 11 nimefanya kazi katika ofisi ya rasilimali watu, na swali hili nimeletewa mara nyingi: "Huyu aliyekuwa kwetu anataka kurudi. Tunaweza kumchukua?" Kabla sijamjibu meneja, nafungua faili la mhusika nione aliondokaje. Shahada aliyopata au biashara aliyojaribu nitaisoma baadaye. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye faili, kisha ndipo tuje kwenye ujumbe wa kuomba.

Nitatumia kisa cha mhasibu msaidizi mmoja. Alifanya kazi miaka 4, akaacha ili amalizie shahada yake, akakaa nje miezi 20, halafu akataka kurudi. Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike, lakini mwenendo wa kisa ni ule ule.

Kwanza hakikisha kwamba kweli uliacha kazi. Wapo wanaoondoka kwa likizo bila malipo au ruhusa ya masomo, halafu wanasahau kwamba mkataba wao haukuvunjwa. Soma barua uliyopewa ulipoondoka. Ikiwa ina tarehe ya kurejea, huombi kuajiriwa upya. Unatakiwa kuripoti, na ukichelewa unaweza kuhesabiwa mtoro. Ikiwa wewe mwenyewe uliandika barua ya kuacha kazi nayo ikakubaliwa, endelea kusoma.

Hatua ya 1: Safisha faili

Faili la aliyeondoka kwa kawaida lina barua ya kuacha kazi, hesabu ya malipo ya mwisho na fomu ya makabidhiano, ile inayozungushwa kila idara ikasainiwa kwamba hudaiwi kitu. Ofisi nyingi huweka pia sehemu ndogo inayouliza kama mtu huyu anafaa kuajiriwa tena, ndiyo au hapana. Sehemu hiyo hujazwa siku ulipoondoka, mara nyingi bila wewe kuiona. "Hapana" huja kwa sababu chache zinazojulikana: kuondoka bila kutoa notisi, kosa la nidhamu lililokuwa halijaamuliwa, deni la mkopo au la mshahara uliochukua mapema, au kifaa ambacho hakikurudi. Kama mwajiri alikulipia mafunzo kwa makubaliano kwamba utatumikia muda fulani, nawe ukaondoka kabla, hilo nalo ni deni na litakuwa limeandikwa.

Mhasibu wetu aliondoka vizuri, notisi akaitumikia yote. Lakini nilipofungua faili lake, kwenye fomu ya makabidhiano mstari wa stoo ulikuwa mtupu. Siku yake ya mwisho stoo ilikuwa imefungwa kwa ajili ya kuhesabu mali, kwa hiyo kompyuta akaiacha kwa mwenzake aliyekaa meza ya pili, wakakubaliana ataipeleka kesho yake. Mwenzake akaendelea kuitumia. Kompyuta haikupotea hata siku moja, ila kwenye daftari la mali ilibaki kwa jina la dada huyu aliyeondoka kwa miezi 20, na mfumo hauwezi kumwandikia "ndiyo" mtu anayedaiwa kifaa. Nakiri kwamba miaka ya nyuma niliwahi kumkatalia mtu mzuri kwa pengo kama hilo bila kuuliza kulikuwa na nini. Bado linaniuma, na ni sababu mojawapo ya kuandika haya.

Usisubiri bahati ya kumpata afisa atakayeuliza. Andika wewe, wiki mbili au tatu kabla ya kuomba chochote:

"Habari za kazi. Nilikuwa mhasibu msaidizi hapo, nikaondoka mwezi fulani mwaka fulani. Namba yangu ya utumishi ilikuwa hii. Naomba kuthibitisha kama fomu yangu ya makabidhiano ilikamilika, na kama kuna kitu ninachodaiwa nielekezwe jinsi ya kukimaliza. Naomba pia nakala ya barua ya utumishi."

Ombi la kazi usilitie humo. Ukilitia, ujumbe utapelekwa kwa meneja kabla pengo halijazibwa, naye atapata jibu la faili lilivyo leo. Kwa mhasibu wetu, kupata saini ya stoo kulichukua siku 9. Tulimwita mwenzake, tukaikagua kompyuta na kubadilisha jina kwenye daftari.

Hatua ya 2: Jua unaomba nini

Nafasi yako ya zamani huenda haipo tena. Ukiondoka, ama huajiriwa mwingine, ama kazi zako hugawiwa waliobaki na nafasi ikafutwa kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Anayesema "naomba kazi yangu" anamlazimisha meneja kujibu "ina mtu," na mazungumzo yanaishia hapo. Omba kujua uwezekano wa kurudi, katika idara ile au nyingine inayoendana na ulichoongeza.

Wakati nao una uzito. Nafasi mpya hupangwa bajeti inapoandaliwa, ambayo mara nyingi ni miezi michache kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Ukiuliza wakati huo, meneja anaweza kukuwekea fungu. Ukiuliza bajeti ikiwa imeshapita, hata akikutaka, hana pa kukuweka mpaka mtu aondoke.

Hatua ya 3: Mwandikie aliyekuwa msimamizi wako

Anza na yule aliyeisimamia kazi yako kwa karibu, kwa sababu ndiye atakayeulizwa. Kama amehama, mwandikie aliyeshika nafasi yake na umtaje wa zamani kwa cheo. Usimtume rafiki aliyebaki ofisini akakuulizie. Habari itafika kwa meneja kama tetesi, naye atajiuliza kwa nini hukuja mwenyewe.

Ujumbe wa kwanza ambao dada huyu alitaka kutuma, alionionyesha baadaye, ulikuwa hivi: "Shikamoo bosi. Maisha yamekuwa magumu tangu niondoke, naomba unisaidie nirudi, niko tayari kwa kazi yoyote." Namwelewa kabisa. Lakini "kazi yoyote" haimpi meneja cha kushika. Hajui akuweke wapi, na anaanza kuona kama anaombwa msaada badala ya kuletewa mfanyakazi. Aliotuma ni huu:

"Shikamoo bosi, habari za siku nyingi. Kama utakumbuka, niliondoka ili nimalizie shahada ya uhasibu. Nimemaliza, na matokeo yametoka. Ningependa kujua kama kuna uwezekano wa kurudi katika idara, hasa kwenye usuluhishi wa hesabu za benki nilioushughulikia miaka 2 ya mwisho, au kwenye kodi, ambayo ndiyo niliyoisoma zaidi. Makabidhiano yangu na ofisi ya rasilimali watu yamekamilika. Kama sasa hakuna nafasi, ningeshukuru kujua ni lini nifuatilie. Naweza kuja au kupiga simu muda utakaokufaa."

Ni sentensi chache, ila kila moja inamwondolea meneja swali. Anajua aliondoka kwa nini na kwamba jambo hilo limekwisha. Ana sehemu 2 za kufikiria kumweka. Anajua akituuliza sisi hatakuta kizuizi. Na amepewa njia ya kusema "si sasa" bila kufunga mlango.

Kama uliondoka kujaribu biashara nayo haikusimama, liseme hilo kwa sentensi moja ya kweli, kisha useme ulichojifunza kinachohusu kazi yao. Aliyeuza bidhaa mwaka mzima na kudai madeni kwa wateja anajua kitu ambacho idara ya mauzo inakihitaji. Kuficha hakusaidii, maana pengo la mwaka mmoja litaulizwa tu.

Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya siku 10 za kazi. Ukimya ukiendelea, peleka ombi fupi ofisi ya rasilimali watu na uwaachie.

Hatua ya 4: Jiandae kwa swali la "utaondoka tena?"

Litaulizwa, hata kama kwa maneno ya kuzunguka. Kumrudisha mtu akaondoka baada ya miezi 6 kunamgharimu meneja heshima mbele ya wakubwa wake. Kuapa kwamba hutaondoka kamwe hakumtulizi mtu. Mweleze ni nini kilichokuondoa na kwa nini hakipo tena. Mhasibu wetu alisema: "Niliondoka kwa sababu ratiba ya chuo iligongana na kufunga hesabu za mwezi. Masomo yamekwisha, na sina mpango wa kusoma tena muda wote." Kama uliondoka kwa sababu ya mshahara au mgogoro na mtu, jiulize kwanza kama sababu hiyo imeondoka. Ikiwa bado ipo, mimi ningekushauri usirudi.

Hatua ya 5: Pita mlango wa wote

Meneja akikubali, bado huenda ukatakiwa kuomba kwa tangazo kama wengine. Usione umedharauliwa, ni utaratibu unaomlinda yeye na wewe dhidi ya maneno. Kwenye fomu, ukiulizwa kama umewahi kufanya kazi hapo, jibu ndiyo, na tarehe ziwe zile zile zilizo kwenye barua yako ya utumishi. Nimeona ombi likisimamishwa kwa sababu mwombaji alijiongezea miezi 4 ya kazi pale pale, kwenye ofisi yenye kumbukumbu zake.

Hatua ya 6: Uliza masharti kabla ya kusaini

Wengi hudhani wanarudi pale walipoishia. Kwa kawaida unaanza mkataba mpya. Kipindi cha majaribio kinaweza kuanza upya, siku za likizo zikahesabiwa kuanzia sifuri, na miaka yako ya nyuma isiingizwe kwenye mafao ya mwisho wa utumishi, hasa kama ulishalipwa ulipoondoka. Baadhi ya waajiri hukubali kuitambua miaka hiyo, lakini iwe imeandikwa kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ya meneja itaondoka naye siku akihamishwa.

Kuhusu mshahara, usianze na ule wa zamani. Uliza nafasi hiyo iko daraja gani leo, na kama sifa yako mpya inabadilisha daraja. Ujue pia kwamba wenzako waliobaki wamepanda wakati wewe hukuwepo, na meneja atasita kukupa zaidi yao.

Mhasibu wetu alipewa nafasi ya kodi, daraja moja juu ya alipokuwa, kwa majaribio ya miezi 3. Ombi la kutambuliwa miaka yake 4 lilikataliwa kwenye mafao ila likakubaliwa kwenye siku za likizo, na tukaliandika hilo kwenye mkataba. Siku aliyoripoti tulimpa kompyuta nyingine. Alikwenda nayo stoo kwanza, akasaini daftari, ndipo akapanda idarani.