Karibu mpangaji mpya: mambo ya kufanya kabla hujashusha godoro

Karibuni Tabata, majirani. Mwenye nyumba atawapa funguo na tabasamu. Haya mengine mnaambiwa na sisi tuliotangulia.

Anza na mita ya LUKU, tena kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Omba namba ya mita, nunua umeme wa shilingi elfu moja tu, kisha soma risiti yote, si zile tarakimu 20 peke yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Chumba kikikaa kitupu miezi minne bila mtu kununua umeme, deni halisamehewi, linakusubiri wewe. Ukinunua wa 10,000, zinaondoka 6,000 za nyuma na 1,500 za mwezi huu. Zinabaki 2,500, ambazo kwa bei ya kawaida ni kama uniti saba. Jirani mmoja hapa aliwasha pasi na jagi siku ya kwanza, akalala gizani huku akimlaumu fundi.

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Piga picha risiti, mtumie siku hiyohiyo, muandikiane kwamba itapunguzwa kwenye kodi ya pango. Ukimwambia kwa mdomo atakujibu "tutaongea", na hayo maongezi hayajawahi kufika. Mita ikikataa tokeni kabisa, huenda ilikaa bila kufanyiwa maboresho ya Novemba 2024. Hapo utapewa mafungu matatu ya tarakimu, uyaingize kwa mpangilio uleule ulioandikwa. Ukianza na la mwisho mita itakugomea.

Mkishapata mwanga, pigeni picha kila ukuta, sinki, kitasa na dari, mzitume kwa mwenye nyumba ili zibaki na tarehe. Siku ya kuhama ndiyo utashangaa ufa wa zamani umekuwa wako.

Kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa nendeni mapema, na mkataba, kitambulisho na picha mbili za pasipoti. Usisubiri mpaka benki ikudai barua ya utambulisho, maana siku hiyo ndiyo mhuri huwa umetoka na mwenyekiti.

Namba za dharura: polisi 112, zimamoto 114, TANESCO 180. Ukipiga 114 usiseme "karibu na duka la Mangi", Tabata ina akina Mangi wengi. Soma jina la mtaa na namba ya nyumba kwenye kibao cha anwani ya makazi pale getini. Umeme ukikatika, chungulia kwanza kwa jirani. Kama kwake unawaka, angalia uniti na swichi kuu. Cheche zikiwa kwenye nguzo au waya unaoingia ndani, msimwite fundi wa mtaani, hata akisema amezoea.

Gari la taka hupita Jumanne na Ijumaa asubuhi. Hupiga honi, halisubiri mtu avae kandambili. Toeni viroba alfajiri, si usiku, maana mbwa wa mtaa huu hupekua kuliko maofisa wa forodha. Ada ya taka hulipwa kila mwezi, na anayekuja kukusanya bila risiti mrudisheni kwa adabu.

Matengenezo ndiyo yenye maneno mengi. Andika ujumbe, usipige simu: kitu gani, kipo wapi, kimeanza lini, na picha. Kwa mfano: "Shikamoo mzee. Bomba la ukutani bafuni linavuja tangu jana jioni, ukuta umelowa hadi sebuleni." Kabla ya kutuma, funga koki zote kisha tazama mita ya maji. Kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, maji yanapotea baada ya mita, na bili ni yenu mpaka lizibwe. Funga valvu ya mita, fungua wakati wa kuteka tu.

Hapa kwetu balbu na mpira wa koki ni vya mpangaji. Bomba la ndani ya ukuta, paa na chemba ni vya mwenye nyumba. Asipojibu, msilete fundi kwanza halafu mkadai. Mtumieni makadirio ya fundi, vifaa mbali na ufundi mbali, mngoje aandike "sawa, kata kwenye kodi". Neno "sawa" peke yake halitoshi. Alishawahi kueleza kwamba alimaanisha sawa, nimeona.