Kufunga simu kwenye usukani wa bodaboda bila kuua kamera yake

Simu inayosafiri juu ya usukani kutoka Mwanga hadi Ujiji, mjini Kigoma, na kurudi, siku nzima, wiki baada ya wiki, inaweza kubaki na kioo kizima na kava safi, lakini ukifungua kamera picha inacheza kama maji kwenye karai. Mwenye simu hulaumu programu, huizima na kuiwasha, hufuta picha ili kupata nafasi. Haisaidii, kwa sababu kilichoharibika ni chuma na sumaku ndani ya kamera.

Kwenye simu zenye OIS, yaani mfumo wa kutuliza picha, lenzi haikugandishwa. Inaning'inia kwenye waya au springi nyembamba sana, na pembeni yake kuna koili na sumaku. Kihisi kikigundua mkono unayumba, koili inavuta lenzi upande wa pili ili picha itulie. Kwenye baadhi ya simu, kinachosogezwa ni kihisi cha picha chenyewe. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa ajili ya mkono wa mtu, ambao hutikisika mara chache tu kwa sekunde. Injini ya silinda moja inayozunguka mara 4,500 kwa dakika inatikisa usukani mara 75 kwa sekunde, bila kupumzika mpaka uzime. Mwezi Septemba 2021 Apple walitoa tahadhari ya maandishi kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera za iPhone, na kwamba hata kwenye vyombo vyenye injini ndogo simu ifungwe na kizuia mtetemo, na isikae hapo muda mrefu mara kwa mara.

Hatua ya 1: Jua simu yako ina OIS au haina

Tafuta jina kamili la simu na sifa za kamera yake, uangalie kama OIS imeandikwa. iPhone zote kuanzia 7 zinayo. Samsung Galaxy A54 inayo, A14 haina. Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa mjini hazina, na matangazo yakisema "video tulivu" mara nyingi ni kazi ya programu tu, inayokata kingo za picha. Simu isiyo na OIS bado ina sehemu ndogo inayosogea ili kulenga, kwa hiyo si kwamba haiwezi kuumia kabisa, ila hatari yake ni ndogo zaidi.

Ukishajua ina OIS, piga video ya sekunde kumi kabla ya kufunga chochote. Simama mchana, elekeza kamera ya `1x` kwenye maandishi ya kalenda ya ukutani, na uihifadhi. Hiyo ndiyo utakayolinganisha nayo baadaye.

Hatua ya 2: Punguza mtetemo unakoanzia

Kabla ya kununua holda, kagua bolti zinazoshika injini kwenye fremu, bolti za ekzosi na nati za usukani. Bolti moja ya injini iliyolegea inatikisa usukani kuliko holda yoyote inavyoweza kuzuia. Angalia pia kama vile vizito vya mwisho wa usukani bado vipo. Wengi huving'oa wanapobadilisha mipira ya mikono na hawavirudishi, kumbe kazi yake ni kutuliza usukani.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kufunga

Mahali panapopendwa ni kwenye shina la saiti mira, kwa sababu tundu lipo tayari na simu inakaa juu ikionekana vizuri. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Shina la kioo ni fimbo ndefu iliyoshikwa upande mmoja. Mwendo fulani ukifika, kioo kinatetemeka hadi huoni sura ya aliye nyuma yako, na simu iliyofungwa hapo inapata mtikisiko uleule.

Funga katikati ya usukani, karibu kabisa na pale unaposhikwa na nati zake. Usukani wa Boxer na TVS una unene wa milimita 22, kwa hiyo chukua klampu ya kipimo hicho, ya chuma, yenye bolti mbili. Mkono wa holda uwe mfupi: sentimita 4 hadi 6 zinatosha. Weka kipande chembamba cha mpira wa tyubu chini ya klampu ili isiteleze, kaza mpaka isigeuke kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho, uhakikishe waya wa klachi na wa mafuta havivutwi wala havigusi holda.

Hatua ya 4: Weka mpira unaofanya kazi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kile kipande cha tyubu ni cha kushika tu, na wanaoamini kuwa kinazuia mtetemo wanajidanganya. Mpira mgumu unaweza hata kuongeza mtetemo.

Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kwa wakati unaoendana na bembea yake anapaa juu, hata kama unasukuma kidogo. Ukisukuma harakaharaka kuliko bembea inavyoweza kufuata, anabaki karibu palepale. Simu juu ya mpira ni bembea ndogo, na kasi yake unaweza kuijua kwa rula: kadiri mpira unavyobonyea kwa uzito wa simu, ndivyo bembea inavyokuwa ya polepole. Ukibonyea milimita 1, simu inacheza takriban mara 16 kwa sekunde. Ukibonyea sehemu ya kumi ya milimita, inacheza takriban mara 50.

Chukua Boxer 150 na Galaxy A54 ya gramu 202. Injini ikiwa sailensa, bila kuongezwa mafuta, huzunguka takriban mara 1,400 kwa dakika, yaani mara 23 kwa sekunde, na kwenye mwendo wa mjini hupanda kupita 50. Ukiweka mpira mgumu, bembea ya mara 50 inakutana na injini inapofika mizunguko 3,000, palepale unapotembea kila siku, na simu inatikisika kuliko usukani wenyewe. Ukiweka mpira laini wenye bembea ya mara 16, injini iko juu yake tangu sailensa, na ukiendelea kuongeza mafuta simu inazidi kutulia.

Kwa hiyo nunua kizuia mtetemo chenye vibonge vinne vya silikoni laini, kinachokaa kati ya mkono wa klampu na holda. Kukikagua dukani ni rahisi: bonyeza kwa kidole, kisogee milimita moja hadi tatu kila upande na kirudi chenyewe. Kisiposogea, rudisha.

Ukishafunga na kuweka simu, inua holda taratibu kwa kidole mpaka vibonge visibebe uzito, weka alama kwa kalamu, kisha achia. Ikishuka karibu milimita 1, uko sawa. Isiposhuka kabisa, chungulia bolti zinazopita katikati ya vibonge. Zikikazwa kupita kiasi zinabana silikoni mpaka chuma kinagusa chuma, na mtetemo unapita moja kwa moja kana kwamba hakuna mpira. Legeza mpaka silikoni ipate kuvimba tena. Kwa kuwa hutazikaza sana, tia tone la gundi ya bluu ya kufungia bolti ili zisijifungue njiani. Mwisho, funga simu kwa kamba nyembamba hadi kwenye usukani, kwa sababu silikoni huchanika.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kuiamini

Usijaribu kwa simu yenye OIS. Weka ya zamani yenye uzito unaokaribiana, uilaze kadiri holda inavyoruhusu, na bandika juu yake kizibo cha soda chenye maji nusu. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gia iwe huru, washa, kisha panda mafuta polepole. Tazama uso wa maji. Mawimbi madogo yaliyotulia si tatizo. Kama kwenye mzunguko fulani maji yanachemka na kuruka nje, hapo bembea imekutana na injini. Fupisha mkono wa holda au tafuta vibonge laini zaidi, kisha rudia.

Kipimo hiki kinaonyesha mtetemo wa injini tu. Shimo la barabarani ni jambo jingine: ni pigo moja kubwa la polepole, na mpira laini haulizuii. Ukitoka kwenye lami na kuingia barabara ya vumbi yenye mawimbi kama ubao wa kufulia, toa simu kwenye usukani. Hakuna holda ninayoweza kuipendekeza kwa barabara hiyo.

Hatua ya 6: Kagua kila wiki

Rudia ile video ya kalenda, ulinganishe. Dalili za mwanzo ni kingo za picha kutetemeka ukiwa umetulia, mlio mdogo wa zzz unaotoka kwenye kamera, au kulenga kunakokwenda mbele na kurudi bila kukamata. Kisha badili kwenda `0.5`. Lenzi hiyo pana kwenye simu nyingi haina OIS. Ikitoa picha safi huku `1x` inacheza, tatizo liko kwenye OIS na tiba ni kubadilisha kamera kwa fundi. Ila toa kwanza kava au holda yenye sumaku, kwani sumaku karibu na lenzi huleta dalili hizohizo, na ukiiondoa huisha. Na usishtuke ukitikisa simu kamera ikiwa imezimwa ukasikia kitu kinagonga ndani: kwenye simu nyingi za OIS hiyo ni lenzi isiyoshikwa na umeme, na ni kawaida.

Njia salama zaidi

Kwa anayefanya kazi siku nzima, ushauri wangu ni kuiweka simu nzuri mwilini. Nyama ya mtu inameza mtetemo wa injini vizuri kuliko silikoni yoyote. Iweke kwenye mfuko wa jaketi wenye zipu, bila funguo humo, na usikilize maelekezo kwa kifaa cha sikio moja ili sikio la pili libaki kwa honi na abiria. Kwa safari ya Kasulu au Uvinza, kabla ya kuondoka fungua Google Maps, gusa picha yako, chagua `Offline maps`, kisha `Select your own map`, tanua fremu ifunike njia yote na ubonyeze `Download`. Mtandao ukikatika, maelekezo yanaendelea.

Kama lazima uone ramani au oda mbele yako, weka kwenye usukani simu ya bei ndogo isiyo na OIS, ile yenye OIS ikae mfukoni ikiigawia intaneti. Hata hiyo ndogo ifungwe kwa hatua hizohizo, na mchana wa jua kali usiichaji ikiwa juani: joto la chaja na la jua pamoja huifanya izime katikati ya safari, na hupunguza umri wa betri.