Kuunganisha maneno mawili yawe jina moja la akaunti, bila mtaa kukucheka

Mi kazi yangu ni mabango na logo, na siku hizi mteja anakuja na jina lake la Instagram analotaka likae chini ya bango. Kuna dada mmoja anauza vitenge, akaleta jina mamavitenge, nikalichapa, nikapandisha mwenyewe kwenye ngazi kulifunga, bado niko juu hivi mtoto wa shule akasimama chini akaanza kusoma kwa sauti, ma... mavi... tenge. Bango lilishuka siku hiyohiyo na gharama nikabeba mimi. Tangu hapo jina lolote la kuunganisha nalipitisha hatua hizi kwanza.

Nitatumia kazi ya juzijuzi, binti anapenda bahari na anapenda riwaya, anataka maneno yote mawili yawe jina moja.

Hatua ya 1: tafuta silabi wanayoshirikiana.
Kiswahili kinatusaidia hapa maana maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo mara nyingi mwisho wa neno la kwanza unafanana na mwanzo wa la pili. Kitabu na bustani zinakutana kwenye bu, unapata kitabustani, safi kabisa. Bahari na riwaya zinakutana kwenye ri, ikawa bahariwaya, herufi 10 tu, inatosha hata X ambako mwisho ni 15 (Instagram wanakupa 30). Binti akafurahi, mi nikamwambia subiri kwanza.

Hatua ya 2: lisome kama mtu asiyejua ulikolitoa.
Wewe ushajua ni riwaya kwa hiyo jicho lako linakudanganya. Nikaliandika kwenye karatasi nikampa fundi jirani, nikamuuliza hapo pameandikwa nini, akasema bahari waya, akauliza hawa ndo wale wa kebo za intaneti za chini ya bahari? Basi riwaya imekufa hapo. Usiseme utaweka herufi kubwa katikati zitenganishe, Instagram inageuza zote kuwa ndogo.

Hatua ya 3: geuza mpangilio, halafu sikiliza mkazo.
Hii wengi hawaijui. Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukishaunganisha, neno la nyuma ndo linabaki na mkazo wake na la mbele linapoteza wa kwake. Maana yake neno la mbele unaweza kulikata kidogo, la nyuma liache zima. Tukageuza, riwaya ikatoa ya ya mwisho, bahari ikabaki yote: riwabahari. Ukilitamka unasikia riwabaHAri, bahari ipo wazi. Tulijaribu pia riwahari, fupi zaidi, ila kila tuliyemtajia aliandika wahariri.

Hatua ya 4: kagua kiungo silabi kwa silabi.
Hapa ndo mamavitenge ingekamatwa. Kata jina kwa silabi, ri-wa-ba-ha-ri, halafu soma mbilimbili na tatutatu pale maneno yanapogusana tu: wa-ba, ri-wa-ba, wa-ba-ha. Hamna neno hapo, tunapita. Sasa fanya hivyohivyo kwa ma-ma-vi-te-nge uone kinachotoka. Neno linaloishia ma usilifuatishe na la vi-, ndo hivyohivyo chama na vitabu. Kuna jamaa wa kuku na mayai alitaka kukumayai, we chukua silabi ya mwisho ya kuku na ya kwanza ya mayai usome mwenyewe, mi siandiki. Tulimgeuzia ikawa mayaikuku, ikaisha.

Irabu mbili zinazofanana zikikutana nazo ni shida, mfano pika na asali, pikaasali, mtu akisikia anaandika a moja inakuwa pika sali. Ukikwama sana weka kistari cha chini, ila ujue kukitaja mdomoni ni kazi.

Hatua ya 5: litume kwa sauti.
Rekodi jina WhatsApp, litaje mara moja tu bila kulitajia herufi, tuma kwa watu watano, waambie wakuandikie walichosikia. Wanne waliandika riwabahari sawasawa. Wa tano, mjomba wake, ambaye r na l kwake ni kitu kimoja, akaandika liwabahari, na liwa kwa watu wa pwani ni ile ya kupaka usoni, kwa hiyo kwake jina lilikuwa na maana kabisa!

Hilo hatukuweza kulitibu maana r iko mwanzo wa jina. Tukatafuta liwabahari tukakuta haijachukuliwa, akaifungua nayo, ina posti moja tu inayomwelekeza mtu kwenye ile ya r.