Somo: Jinsi ya kusoma wasifu wa marehemu, sifa ukaziweka kando na habari kando

Hapa Lubumbashi, wasifu wa marehemu husomwa matangani au kanisani kabla ya kwenda makaburini, kisha karatasi inakunjwa na kuwekwa kwenye bahasha pamoja na picha. Miaka ikipita, karatasi hiyo ndiyo inayobaki. Wajukuu wanaitumia kuandika habari za ukoo, na mara nyingi wanainakili neno kwa neno. Ndiyo maana nimeandaa somo hili kwa wanachama wetu wanaokusanya historia za familia zao, hasa familia za wafanyakazi wa migodi.

Watu wengi hudhani kutenga sifa na habari ni kufuta maneno kama "mpendwa" na "mchapakazi". Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Maneno hayo hayamdanganyi mtu, kwa sababu kila msikilizaji anajua ni ya msiba. Kinachoupa uhai wa mtu sura fulani ni vitenzi alivyochagua mwandishi na miaka aliyoiruka. Huko ndiko tutakakokaa.

Nimetunga wasifu mfupi kwa ajili ya somo, wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi ya shaba, kwa mtindo tunaousikia kila siku:

"Baba yetu mpendwa alizaliwa Elisabethville mwaka 1944, katika familia ya wachapakazi. Mwaka 1963 aliingia Gécamines, akaitumikia kwa uaminifu miaka arobaini bila kukatiza. Kwa juhudi zake alipanda hadi kuwa msimamizi wa karakana. Mwaka 2003 aliamua kuondoka kwa hiari, akajitoa kwa kilimo na kwa kanisa. Mlango wake haukufungwa kwa mtu. Baada ya ugonjwa mfupi, Bwana alimwita. Ameacha mjane, watoto wanane na wajukuu wengi."

Hatua ya 1: Jua nani anasema, na mbele ya nani. Wasifu huu umeandikwa na watoto, usiku wa matanga, usomwe mbele ya mjane, majirani na wazee wa kanisa. Kampuni ingeandika vyeo na miaka ya kazi. Kwaya ingeanza na ubatizo. Andika juu ya karatasi yako: nani aliandika, siku gani, nani alikuwa amekaa pale. Bila hayo, hatua zinazofuata hazina pa kusimama.

Hatua ya 2: Piga mstari chini ya kila jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulithibitisha. Kipimo ni kimoja: je, kuna karatasi au shahidi asiye wa nyumba hiyo anayeweza kusema ndiyo au hapana? Mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia kazini, cheo, mwaka wa kuondoka, idadi ya watoto: hayo yapigiwe mstari. "Kwa uaminifu", "kwa juhudi zake", "mlango wake haukufungwa" ni hukumu. Usizitupe. Zinakuambia watoto walitaka baba yao akumbukwe kwa lipi, na hiyo nayo ni habari, ila ni habari ya watoto.

Angalia sentensi ya karakana: sifa imebebwa mgongoni na habari. "Alipanda hadi kuwa msimamizi" kunaweza kuthibitishwa kwa kadi ya kazi au karatasi za mshahara. "Kwa juhudi zake" ni maelezo ya sababu, na karatasi ya mshahara haisemi sababu. Zigawe ziwe sentensi mbili kwenye daftari lako.

Hatua ya 3: Weka kila mwaka kando ya historia ya mahali pake. Hapa ndipo wasifu wetu unapofunguka.

Elisabethville mwaka 1944 ni sawa, kwani mji ulibadilishwa jina kuwa Lubumbashi mwaka 1966. Lakini mwaka 1963 hakuna aliyeingia Gécamines. Kampuni ilikuwa bado Union Minière du Haut-Katanga. Serikali iliichukua mwanzoni mwa mwaka 1967, na jina la Gécamines lilikuja baadaye, miaka ya 1970 ikianza. Je, watoto wamesema uongo? Hapana. Karibu kila familia hapa huita miaka yote ya kazi kwa jina la mwisho la kampuni. Ila kwa kufanya hivyo wamefanya miaka arobaini ionekane kama barabara moja iliyonyooka. Mtu huyu aliingia kwa Wabelgiji, mwaka uleule ambao kujitenga kwa Katanga kulikomeshwa, kisha akabaki chini ya serikali ya Mobutu, kisha chini ya serikali zilizofuata. Mabwana walibadilika, yeye akabaki pale pale. Hayo ni makubwa kuliko "bila kukatiza".

Sasa "aliamua kuondoka kwa hiari". Mwaka 2003 Gécamines ilikuwa hoi. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 2003 hazikufika hata 30,000. Wafanyakazi walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Ndipo ukaja mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ambapo zaidi ya watu 10,000 walipewa fedha za mkupuo waondoke. Jina rasmi la mpango huo lilikuwa "kuondoka kwa hiari". Kwa hiyo maneno ya wasifu si ya watoto. Ni ya ofisi, na yameingia nyumbani bila mtu kuyashtukia. Wengi wa walioondoka bado wanalalamika kwamba walichopewa hakikulingana na miaka waliyotumika. Mtu alitia saini, hilo ni kweli. Kama aliamua, hilo lahitaji shahidi: mke, rafiki wa karakana, au barua aliyoiweka.

Na "akajitoa kwa kilimo"? Wafanyakazi wengi wa kampuni walianza kulima mahindi na mihogo nje ya mji mshahara ulipokatika, kabla hawajaondoka kazini. Uliza shamba lilianza mwaka gani. Kama ni 1995, basi kilimo hakikuwa mapumziko ya uzeeni, kilikuwa chakula cha watoto wanane. Swali hilo dogo hugeuza sehemu nzima ya mwisho ya wasifu.

Hatua ya 4: Hesabu miaka iliyorukwa. Chora mstari, uandike miaka iliyotajwa: 1944, 1963, 2003. Kati ya 1963 na 2003 hakuna hata mwaka mmoja. Ndoa haina mwaka. Vita vya Shaba, jina la Katanga wakati ule, vya 1977 na 1978 havipo, wala uporaji wa 1991. Ukimya hauna maana moja. Mara nyingine mwandishi alikuwa na nusu ukurasa tu na usiku mmoja. Mara nyingine kuna mke wa kwanza asiyetajwa, au kifungo, au ugomvi wa urithi. Usijaze pengo kwa kubuni. Liandike kama swali.

Hatua ya 5: Linganisha na komunike ya radio. Komunike huandikwa saa za kwanza, kuwaita ndugu wa mbali, kwa hiyo haina muda wa kupambwa. Hutaja familia zote zinazohusika, na mahali pa matanga. Nimeona mara nyingi watoto wa mama tofauti wakitajwa pamoja kwenye komunike, halafu wasifu ukataja "mjane" mmoja na nyumba moja. Tofauti hiyo inakuonyesha nani alishika kalamu.

Kuhusu "ugonjwa mfupi": ni fomula. Haikuambii ugonjwa, wala kama ulikuwa mfupi. Usiijengee chochote.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Katuba: *Mwalimu, nikiona kosa wasifu unaposomwa, nisimame nisahihishe?*

Hapana, mama. Pale watu wanalia, na kazi ya karatasi ile ni kumsindikiza mtu. Omba kopi, uandike maswali yako pembeni, uyapeleke baada ya siku ya kuondoa matanga. Anza na aliyeandika, usianze na mjane. Uliza "mwaka huu mliupata wapi?", usiulize "kwa nini mmeandika hivi?" Swali la kwanza hufungua sanduku la karatasi, la pili hufunga mdomo.

Kutoka Goma: *Baba mkubwa ana miaka miwili ya kuzaliwa: kitambulisho kinasema 1941, wasifu 1938. Tena kwenye karatasi za zamani jina lake la Joseph halipo kabisa. Nifuate ipi?*

Usichague haraka, ndugu yangu. Wazee wengi walikadiriwa umri walipoandikishwa, na wengine walipunguza miaka ili waajiriwe au waendelee na shule. Tafuta kitabu cha ubatizo cha parokia. Kama alibatizwa mtoto mchanga, hicho kina uzito kuliko kitambulisho. Kama alibatizwa mkubwa, nacho ni makadirio tu. Kuhusu Joseph: mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, hivyo karatasi za wakati huo zina majina ya kienyeji peke yake. Ni mtu yuleyule. Andika miaka yote miwili na chanzo cha kila mmoja.

Kutoka Bukavu: *Huku kwetu watu husema Askofu Mkuu Kataliko alifia uhamishoni. Je, hiyo ni habari au sifa?*

Ni sura, iliyojengwa kwa vipande vya kweli. Februari 2000 wakuu wa RCD, kundi la waasi lililotawala Bukavu wakati ule, walimzuia kurudi mjini, akakaa Butembo. Septemba mwaka uleule aliruhusiwa, akarudi jimboni. Tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki Italia, alikokwenda kwa mkutano. Kwa tarehe, basi, hakufia uhamishoni. Anayesema hivyo anataka kuunganisha mateso ya miezi ile na kifo chake, na pengine anaamini moja lilileta jingine. Ziandike tarehe tatu kwa utaratibu, kisha, mbali kidogo, andika kwamba waamini wengi wanazisoma hivyo. Vyote viwili vina haki ya kuandikwa, lakini visiwekwe katika sentensi moja.

Kutoka Kolwezi, sasa anaishi Lubumbashi: *Wasifu wa babu unasema "mwaka 1993 alihamia Mbuji-Mayi." Alizaliwa Likasi, na kabla ya hapo hakuwahi kuishi Kasai, uliko mji huo. Mama hataki kulizungumza.*

Mwaka na mahali vyatosha kukufanya usimame hapo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu. Wengi walikaa wiki nyingi kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wapo waliofia humo. Mtu aliyezaliwa Likasi, akaenda Mbuji-Mayi mwaka ule, yaelekea hakuhama kwa kupenda. Lakini bado hujathibitisha, kwa sababu wengine waliondoka mapema walipoona mambo yanavyokwenda. Fikiria pia nani alikaa matangani siku ile: kama ni majirani wa zamani wa Likasi, kitenzi "alihamia" kiliwaruhusu wote kukaa kwenye viti vilevile. Mama yako usimsukume. Tafuta wazee waliosafiri mwaka huo, uwaulize walipanda treni gani, walingoja wapi, walibeba nini. Uliza pia nyumba ya Likasi ilibaki na nani, na kama kuna karatasi ya kuiuza. Anayehama kwa mipango yake huuza au huacha mtu. Kama hakuna karatasi wala mtu aliyeachiwa, una jambo la kumrudia nalo mama siku atakapokuwa tayari.