Tikisa boksi mbele ya kamera kabla ya kulifunga

Unapoandaa mswada wa video ya kufungasha mzigo wa mteja, tuseme vikombe 6 vya udongo vinavyokwenda Mwanza kwa basi, tenga sekunde 5 zisizo na muziki wala maneno, ambazo utafunika boksi, utalishika kwa mikono miwili na kulitikisa taratibu karibu na simu kabla ya kupiga selotepu. Vikombe huvunjika kwa kugongana njiani, hivyo ukisikia mlio hata mdogo, fungua, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa kati ya vikombe, kisha tikisa tena bila kukata video, ili mteja aone marekebisho yenyewe. Kwa chupa ya mafuta njia hii haifai, kwa sababu kifuniko kinachovuja hakitoi sauti. Ilaze kwanza juu ya karatasi kavu na uangalie doa.