Barua kwa mwenyekiti wa bodi baada ya usaili

Ikiwa wakati wa usaili wa ukurugenzi mtendaji wa asasi bodi ilitilia shaka jambo la utawala, barua yako ya shukrani kwa mwenyekiti ijibu hilo moja kwa utaratibu ambao bodi yenyewe itausimamia, wala si kwa ahadi ya uadilifu wako. Tuseme mjumbe mmoja aliuliza kuhusu ndugu yako mwenye kampuni inayoiuzia asasi vifaa. Litaje swali kama lilivyoulizwa, kisha uandike: "Nitalitamka jambo hili kwa maandishi kabla ya kusaini mkataba, liingie katika rejista ya maslahi, sitashiriki kuandaa vigezo vya zabuni ambayo kampuni hiyo imeomba, wala kuidhinisha malipo yake, na uamuzi utakuwa wa mjumbe ambaye bodi itamteua." Kuandaa vigezo ndiko wengi wanakosahau, ilhali upendeleo huanzia hapo. Barua ya namna hii husaidia kwa kuwa mwenyekiti haamui peke yake: anaweza kuisoma mbele ya aliyeuliza, na sharti lake likaingizwa katika mkataba. Haitafaa pale tangazo la kazi linapokataza waombaji kuwasiliana na wajumbe. Hapo ipitishie kwa katibu wa usaili. Haitafaa pia ikiwa ununuzi huo ndio sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu mkurugenzi anayejiondoa kila mara huiachia bodi kazi zake za kila siku.